Bamvua Haijulikani Lavington

Mwezi uliopita nilikuwa Lavington, Nairobi, nimemsindikiza mama mwenyekiti wa kikundi cha kupanda mikoko kutoka Kwale. Kikundi kimeandika ombi la ruzuku kwa Kiswahili, na muhtasari wake ulikuwa wazi kabisa. Kazi yangu ilikuwa kuutia Kiingereza, pamoja na maelezo ya bajeti, kabla ya kuupeleka kwenye ofisi ya mfadhili mtaani humo.

Nilipoanza niliona kwamba maneno si tatizo kubwa. Tatizo ni yale ambayo Mpwani hayaandiki kwa kuwa kila mtu nyumbani anayajua.

Tazama mstari huu wa bajeti: "Posho ya kina mama, siku 24, shilingi 288,000." Kwetu hauna utata. Lakini ofisi nyingi za Nairobi zikisikia posho huelewa alawansi ya kukaa kwenye mkutano, na wafadhili wengi hawailipi. Hawa kina mama hawakai, wanaingia topeni. Kwa hiyo Kiingereza lazima kiseme ujira wa kibarua wa kupanda, kisha hesabu ifunguliwe: watu 20, siku 24, shilingi 600 kwa siku.

Hapo afisa atauliza tena: kwa nini siku 24 zitawanywe kwenye miezi 6? Si wangemaliza kazi mwezi mmoja? Mama mwenyekiti alicheka nilipomuuliza. "Mwanangu, tutapanda maji yamejaa?" Ndipo nikaandika sentensi ambayo haikuwamo kwenye Kiswahili. Bamvua huja mara 2 kwa mwezi, maji yakapwa mbali na tope likawa wazi muda wa kutosha. Kikundi kitapanda siku 2 kila bamvua. Bamvua 12 ndani ya miezi 6 ni siku 24. Nambari iliyoonekana kama ya kubahatisha sasa ina sababu.

Mstari wa pili ulisema "miche ya mikoko." Kiingereza cha kawaida huifunga miti hiyo yote ndani ya neno moja, lakini gharama zake hazifanani. Mbegu ndefu ya mkoko, Rhizophora mucronata, huokotwa chini ya mti na kuchomekwa moja kwa moja topeni. Mchu, Avicennia marina, aghalabu huoteshwa kwanza kitaluni, na hapo pana mifuko, udongo, kivuli na mtu wa kuangalia. Ukiandika jina moja, mfadhili atakuuliza kwa nini miche ya bure ina bei. Kwa hiyo tuliandika majina yote mawili, na gharama za kitalu tukaziweka kwa mchu peke yake.

Kisha likaja jambo lililonitia hofu zaidi. Muhtasari wa Kiswahili ulisema "tutapanda miche 4,000." Mimi, kwa kupenda Kiingereza kizito, niliandika kwamba kikundi kitarejesha msitu wa miti 4,000. Niliporudi kumsomea mama kwa Kiswahili, alinisimamisha. "Kupanda ni kwetu. Kushika ni kwa bahari."

Alikuwa na haki. Kupanda ni kazi, msitu ni matokeo. Mawimbi, mchanga na mbuzi huua miche mingi, na sahihi chini ya ile karatasi ni yake, si yangu. Miche 2,500 ikibaki hai, ripoti ya mwisho ingesema kikundi kimeshindwa, ingawa kilifanya kila kilichoahidi. Tukabadilisha: kikundi kitapanda miche 4,000, kitaihesabu baada ya miezi 6 na kupanda tena palipokufa. Na kwa kuwa kuhesabu na kupanda tena ni siku za watu, tukaongeza mstari wa bajeti ambao Kiswahili hakikuwa nao, kisha tukasahihisha jumla kwenye jedwali, kwenye maelezo na kwenye muhtasari. Jumla zikitofautiana mahali popote, msomaji wa Lavington huanza kushuku hata zile zilizo sawa.

Hili si la kikundi kimoja. Hapo Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni kwa miaka kadhaa, kutokana na msitu wa hekta 117, na watu wa kijiji wamepata maji na vifaa vya shule. Vijiji vingine vinataka kufuata, na karatasi zao zinapita mikononi mwa vijana wetu wanaojua Kiingereza.

Kwa vijana hao nina ombi moja. Ukimaliza kutafsiri, usitume. Funga Kiswahili cha awali, chukua Kiingereza chako, kisome kwa Kiswahili mbele ya wenye kikundi, mstari kwa mstari, pamoja na fedha. Watakapokunja uso, hapo ndipo ulipowaahidia kitu ambacho hawakukisema.