Hasira za usiku, barua ya asubuhi

Karani wa duka la pembejeo mjini Makambako anagombana na tajiri wake kwa mifuko ya mbolea iliyopungua. Usiku wa Machi 1 anamwandikia kwa WhatsApp: "Kazi basi, kesho siji." Asubuhi hasira zimepoa, lakini ujumbe umeshasomwa. Kuufuta ni kazi bure.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nchini Tanzania inataka notisi ya maandishi yenye sababu na tarehe, isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi aliyevuka mwezi wa kwanza kazini. Anayekataa kuzifanyia kazi siku hizo anaweza kukatwa ujira wake katika malipo ya mwisho.

Basi barua iandikwe Machi 2, kwa tarehe hiyohiyo. Kurudisha tarehe nyuma ni kujitafutia balaa. Iutaje ujumbe wa jana, iseme siku ya mwisho ni Machi 30, na iombe mshahara, malipo ya likizo na cheti cha utumishi. Tajiri asaini nakala. Mifuko ihesabiwe na wote wawili kabla ya kukabidhi funguo, maana ugomvi ulianzia hapo. Kama tajiri alikwisha kujibu "nenda", barua peke yake haimrudishi karani dukani. Itabidi waelewane upya.