Bajaji ya Saa Nane Usiku
Wiki hii, ukutani kwa jirani yangu mjamzito, nimeona namba za madereva wawili wa bajaji zimeandikwa kwa mkaa. Mumewe aliwapigia wote saa nane usiku, makusudi. Mmoja simu yake ilikuwa imezimwa, akafutwa. Wa pili alipokea, akataja nauli ya usiku, kisha akauliza kama njia ya bondeni hupitika mvua ikinyesha. Hapo nikamheshimu dereva huyo, maana wengi wetu tunaishia kwenye nauli. Sasa fedha taslimu zimekaa pamoja na kadi ya kliniki, kwani mtandao wa simu nao husinzia. Uchungu haubishi hodi. Damu ikitoka au chupa ikipasuka, wataondoka bila kusubiri uchungu ukaze. Ikiwa ni dharura na bajaji haipo, watapiga 115, namba ya bure ya m-mama hapa Tanzania. Baba anayenunua nguo za mtoto kabla ya kupatana na dereva amejiandaa kwa picha, si kwa uzazi. Jirani amebakiza ufunguo wa geti: analala nao mama mwenye nyumba, na bado hajaambiwa.