Z Si ya Wamarekani

Mwaka jana nilipewa kazi ya kupitisha jicho la mwisho kwenye andiko la kuomba ufadhili. Kurasa 14 za Kiingereza, zilizoandikwa na watu watatu. Ukurasa wa kwanza mradi wetu ulikuwa programme, ukurasa wa tatu ukawa program. Vijana walikuwa wanakutana kwenye community centre, halafu bajeti ikawakodishia community center. Mfadhili ana haki kuuliza: hizi ni kumbi mbili ama moja?

Nilipolalamika kwenye kikao, mmoja akanijibu, "Aah, wewe nawe! Si yote inaeleweka?" Mwingine, aliyejiona amesoma kutuliko, akasema dawa ni rahisi. Sisi Wakenya tunaandika Kiingereza cha Waingereza, kwa hivyo toa kila z ya Kimarekani, basi. Wote wawili walikosea, lakini huyu wa pili ndiye hatari.

Color, center na defense ni za Kimarekani, hapo hatubishani. Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka 1828, alichangia sana kuzieneza. Lakini organize? Kamusi kubwa ya Oxford, ya Uingereza kabisa, inaiandika kwa z, kwa sababu kiambishi hicho kina asili ya Kigiriki. Umoja wa Mataifa nao unafuata mtindo huo huo. Tazama jina la Shirika la Kazi Duniani: International Labour Organization. Labour ina u ya Uingereza, Organization ina z, na hakuna aliyekosea. Kwa hivyo Mwingereza ana njia mbili, organise na organize, na zote ni halali mradi achague moja. Ukitaka kumtambua Mmarekani, usiangalie organize. Angalia analyze. Neno hilo hata Oxford wanaliandika kwa s.

Sasa bingwa wetu hakungoja kuambiwa haya. Alibonyeza Ctrl+H, akaandika ize, chini yake akaandika ise, akagonga Replace All. Sekunde moja, kazi kwisha! Size ikawa sise. Citizen, neno lililojaa kwenye andiko zima, likawa citisen. Prize ikawa prise, na hapo ndipo balaa lilipo, maana prise ni neno halali la Waingereza, maana yake kubandua kitu kwa nguvu. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Wakati huo huo organization ilibaki na z yake, kwa sababu ndani yake hakuna ize, kuna iza. Tukawa na organise na organization kwenye aya moja. Mchanganyiko tuliokuwa tunaukimbia, tumeutengeneza wenyewe.

Na msiniambie eti mistari myekundu ingetuokoa. Word inakumbuka lugha ya kila kipande cha maandishi. Ukibandika aya iliyoandikwa kwenye kompyuta iliyowekwa Kimarekani, mara nyingi inakuja na lugha yake, na color inapita hapo bila mstari wowote. Ndiyo maana faili ya watu watatu inaweza kuonekana safi huku imeoza. Bonyeza Ctrl+A, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, chagua Kiingereza kimoja kwa faili yote. Usiweke alama penye kukataza ukaguzi. Hapo color na center zitajitokeza zenyewe. Organize haitajitokeza, kwa kuwa Uingereza inakubali zote mbili. Program pia haitajitokeza, kwa sababu Mwingereza anaitumia kwa mambo ya kompyuta. Hizo tafuta iz na program kwa mkono, moja baada ya nyingine. Ukifika kwenye majina, toa mkono. World Health Organization haibadilishwi, na riwaya ya Alice Walker inabaki The Color Purple hata ukiandikia Mfalme.

Kuna wanaoona kuandika color ni kusaliti kitu fulani. Kusaliti nini, jamani? Spelingi zote mbili zilikuja na meli. Mfadhili akiwa Mmarekani na fomu yake imeandikwa center, andika center, lala usingizi. Ninachokataa ni center ukurasa wa pili na centre ukurasa wa tisa, kwa sababu hapo msomaji anajua hakuna aliyesoma faili yote kabla ya kuituma.

Ile yetu niliisoma yote, kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba. Nilirudisha size za fulana kwenye bajeti, nikarudisha prize, nikarudisha raia mmoja mmoja. Tulipokwisha kutuma ndipo nikamwona mmoja niliyemruka. Ukurasa wa 11, mstari wa pili: citisen.