Tangazo la Bure na Tangazo la Kulipia

Majani mengi ya chai yanayochumwa Kericho na Bomet huteremka hadi Mombasa kwa magunia na kuuzwa katika mnada wa kila wiki. Lakini zipo familia huko milimani, nyingine zenye asili ya pwani, zinazofunga chai kwa pakiti na kuipeleka kwa basi moja kwa moja kwa mnunuzi. Hizo hazina mnada wa kuzitafutia wateja. Zinategemea simu, na kila mwisho wa mwezi swali hurudi: tuongeze picha tunazoweka bure, au tuongeze fedha za tangazo?

Tuchukue mfano wa kubuni, familia iliyoko Litein. Kila oda ni pakiti mbili, na faida yake, baada ya kutoa gharama za mfuko na nauli ya basi, ni shilingi 240. Mwezi uliopita waliweka picha 24 katika Facebook na katika hali ya WhatsApp, kila moja ikiwachukua kama saa nzima, wakapata oda 30. Kisha walilipa shilingi 3,000 kwa tangazo la siku kumi, wakapata oda 15. Kwa hesabu ya haraka, picha zimeleta 7,200, na tangazo, baada ya kutoa gharama yake, 600 tu. Wengi wangeishia hapo na kuliacha tangazo.

Sisi tungeuliza kwanza: hao walionunua ni nani? Tuseme daftari linaonyesha kwamba kati ya wale 30, wateja 22 ni wa zamani. Si ajabu, kwani hali ya WhatsApp huonekana na yule tu ambaye amehifadhi namba yako nawe umehifadhi yake. Haiwezi kumfikia mgeni. Kazi yake ni kumkumbusha anayekujua kwamba chai yake inakaribia kwisha. Kwa upande wa tangazo, wageni ni 12 na watatu ni wa zamani, ambao huenda wangenunua hata bila tangazo. Tukiwaondoa hao watatu, tangazo limeingiza 2,880 kwa gharama ya 3,000: hasara ya shilingi 120.

Hata hivyo, hasara hiyo ndogo imenunua wateja wapya 12. Akirudi mmoja wao kuagiza tena, hasara imefutika na kuzidi. Wakirudi wanne, faida ni 840. Basi jambo la kupima ni marejeo, na marejeo hayaonekani ndani ya siku kumi. Pakiti mbili huikalia familia wiki kadhaa.

Hapa ndipo tarakimu za Facebook zinapopotosha. Tangazo la ujumbe huhesabu mazungumzo yaliyoanzishwa. Anayeuliza bei kisha akanyamaza huhesabiwa sawa na aliyelipa. Na picha ya kawaida ikilipiwa, kupendwa kwa bure na kwa kulipia huchanganyika chini ya picha ile ile. Ni afadhali tangazo liwe na picha yake peke yake na ujumbe uliokwisha andikwa, mathalani “Nimeona tangazo la chai”, ili mgeni ajitambulishe mwenyewe. Na asiyetumia ujumbe huo aulizwe kwa adabu ametujuaje. Majibu yaandikwe mbele ya namba yake.

Kosa jingine ni la mahali. Tangazo likiachwa lichague lenyewe eneo la karibu na duka, litazunguka Litein na Kapkatet, kwa watu ambao majani ya chai yanaota nyuma ya nyumba zao. Dalili yake ni maswali mengi na oda chache.

Kwa familia hii, tungeshauri mwezi ujao picha zipunguzwe hadi 12, zikiwekwa karibu na siku ambazo wateja wa zamani huagiza. Oda zao zikibaki karibu na 22, saa 12 zimeokolewa bila hasara. Tangazo lipewe shilingi 1,500, lionyeshwe Mombasa pekee, na Malindi iachwe bila tangazo. Oda zikipanda miji yote miwili kwa kiasi kimoja, si tangazo lililozipandisha. Na jaribio hili lisifanywe Ramadhani, wakati chai hunyweka zaidi ya kawaida katika nyumba zetu, kisha likalinganishwa na Shaabani.

Watu 12 ni wachache, na mmoja tu hugeuza hesabu. Kwa hiyo bajeti isizidishwe maradufu kabla ya miezi miwili kupita, daftari likafunguliwa tena, na zikahesabiwa zile namba zenye alama ya tangazo ambazo zimeagiza mara ya pili.