Kabla ya kuuza invoisi yako, hesabu kwanza bei ya kungoja

Kama unafanya kazi ya kujitegemea ukiwa Kabazi, kuna uwezekano mkubwa kwamba anayekulipa hayuko Kabazi. Yuko Nakuru mjini, yuko Nairobi, ama yuko ng'ambo na mnajuana kwa barua pepe tu. Kazi unamaliza leo, invoisi unatuma leo, halafu unaambiwa pesa italipwa baada ya siku 30. Na katika hizo siku 30 ndipo ofa inaingia: tupe hiyo invoisi, tukupe pesa sasa hivi.

Maoni yetu ni kwamba ofa kama hiyo si mbaya, ila wengi huipima vibaya. Wanaangalia asilimia iliyoandikwa juu, wanaona ni ndogo, wanakubali. Sisi tunasema weka asilimia kando. Hesabu shilingi zitakazotoka mfukoni mwako, kisha ujiulize: nikingoja, nitapoteza shilingi ngapi? Namba hizo mbili zikikaa pamoja, uamuzi unakuwa rahisi.

Tuchukue mfano wa shilingi 60,000

Tuseme unapiga picha na kuhariri video. Umefanyia hoteli moja ya Nakuru kazi ya shilingi 60,000, na malipo ni baada ya siku 30. Anayetaka kukufadhili anakupa masharti ya kawaida katika biashara hii: anatanguliza asilimia 80 ya invoisi, anatoza asilimia 4 kwa kila siku 30, na anakata shilingi 1,500 za kushughulikia karatasi.

Asilimia 80 ya 60,000 ni 48,000. Ondoa ile 1,500, unapokea 46,500 kwa simu. Mpaka hapo uko sawa.

Sasa soma vizuri ile asilimia 4. Ni ya nini hasa? Mara nyingi haihesabiwi kwa pesa uliyopewa, inahesabiwa kwa invoisi yote. Kwa hivyo ni asilimia 4 ya 60,000, yaani 2,400. Ukijumlisha na ile 1,500, gharama yako ni 3,900. Umelipa 3,900 ili utumie 46,500 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni zaidi ya asilimia 8, mara mbili ya ile uliyoonyeshwa. Ukitaka kuiona vizuri zaidi, igawe kwa siku: ni shilingi 130 kila siku ya kutongoja.

Kuna kitu kingine ambacho hushtua watu siku ya mwisho. Kampuni inapokulipa kwa huduma ya kitaalamu, kwa kawaida inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka KRA. Kwa hivyo hoteli haitalipa 60,000, italipa 57,000. Hizo 3,000 si hasara, ni kodi yako imelipwa mapema, na cheti chake utakipata kwa iTax. Lakini mfadhili atachukua 48,000 zake na 2,400 za ada kutoka kwa 57,000. Salio lako ni 6,600. Kama ulikuwa umepanga kupokea 9,600, mipango imeharibika tayari.

Jumla umepata 53,100. Ungengoja, ungepata 57,000.

Na mteja akichelewa?

Hapa ndipo ofa nzuri inageuka kuwa mzigo. Sema hoteli imelipa siku ya 60 badala ya siku ya 30. Ada ya 2,400 inatozwa tena, na gharama yako sasa ni 6,300. Mteja ndiye amechelewa, lakini anayelipia ni wewe.

Kuna swali moja ambalo ni lazima uulize kabla ya kuweka sahihi: mteja asipolipa kabisa, hasara ni ya nani? Mikataba mingi inasema utarudisha pesa mwenyewe. Ikiwa ndivyo, jua kwamba hujauza invoisi. Umechukua mkopo, na invoisi ni dhamana tu. Mikataba ambayo mfadhili anabeba hasara ipo, ila ada yake huwa juu zaidi, na mfadhili huyo atataka kumjua mteja wako kuliko anavyotaka kukujua wewe.

Kwa hivyo kabla ya kuchukua pesa mapema, hakikisha zile siku 30 zimeanza kuhesabika kweli. Tangu mwaka wa 2024, kampuni inataka invoisi ya eTIMS ili KRA ikubali hayo matumizi yake. Ukituma invoisi ya kawaida ya PDF, ofisi ya uhasibu inaweza kuiweka tu kando bila kukwambia. Wewe unahesabu siku ya 20, wao hawajaanza kuhesabu. Piga simu kwa uhasibu, si kwa yule aliyekupa kazi, na uulize hivi: "Invoisi yangu imeingia kwa malipo ya tarehe gani?" Ukijibiwa tarehe, una kitu cha kungojea. Ukijibiwa "tunashughulikia," usichukue pesa ya mtu kwa ahadi hiyo, kwa sababu ada itakuwa inapanda huku tarehe haijulikani.

Kungoja nako kuna bei

Hatusemi kila mtu angoje. Kungoja kunaweza kukugharimu zaidi, na Kabazi watu wanalijua hilo kwa sababu ya shamba. Wengi wanaofanya kazi kwa kompyuta pia wanalima mahindi ama viazi. Mvua za masika zikikaribia, mbolea haingoji mhasibu wa Nairobi. Ukichelewa kupanda, mavuno yanapungua, na hakuna mteja atakayekulipa hiyo tofauti.

Lakini angalia ni kiasi gani kinahitajika. Mbolea ya ruzuku, serikali iliishusha hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka wa 2023. Mifuko minne ni 10,000. Ongeza kodi ya nyumba, tuseme 5,000. Pengo lako ni 15,000. Sasa kwa nini uweke invoisi ya 60,000 rehani?

Hapa asilimia inadanganya tena, safari hii kwa upande mwingine. M-Shwari inatoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, pamoja na ushuru juu ya ada hiyo. Ukiiweka kando ya ile asilimia 4, inaonekana ghali sana. Lakini ada ya 15,000 ni 1,125, na hata ukiongeza ushuru haipiti 1,400. Kwa upande wa pili ungelipa 3,900. Umeokoa zaidi ya 2,500 kwa kukopa pengo peke yake badala ya kukopa invoisi yote. Sharti ni moja: hakikisha pesa ya mteja itaingia kabla ya siku ya 30, kwa sababu deni likipita hapo unatozwa tena.

Invoisi yote inafaa kutangulizwa wakati pesa yote ina kazi ya kufanya. Mfano: umepata kazi nyingine ya 90,000, lakini kuianza unahitaji 40,000 za kukodisha kamera, kulipa msaidizi na usafiri. Usipoianza wiki hii, inaenda kwa mtu mwingine. Ukiifanya utabaki na 50,000. Kulipa 3,900 ili upate 50,000 ni biashara. Kulipa 3,900 ili pesa ikae tu kwa simu ukijisikia vizuri, hiyo si biashara.

Muulize mteja kabla ya kumuuliza mfadhili

Kuna njia ambayo wengi wanairuka kwa aibu. Mwandikie mteja hivi: ukilipa ndani ya siku 7, nakupunguzia asilimia 3. Kwa invoisi ya 60,000 hiyo ni 1,800, chini ya nusu ya 3,900. Hakuna karatasi, hakuna deni, na mteja akikataa hujapoteza kitu. Kampuni ndogo na watu binafsi hukubali mara nyingi kuliko unavyodhani. Kampuni kubwa zenye tarehe maalum za kulipa huenda zikakataa, kwa sababu mfumo wao hauruhusu.

Kwa kazi inayofuata, omba malipo ya awali. Ukipewa asilimia 40 kabla ya kuanza, una 24,000 mkononi, na lile pengo la 15,000 halipo tena. Pesa ya awali kutoka kwa mteja haina ada hata shilingi moja. Hakuna mfadhili anayeweza kushindana na bei hiyo.

Kwa wale wanaofanyia kazi wateja wa ng'ambo kupitia Upwork, hesabu ni tofauti kidogo. Kwa kazi ya bei maalum, mteja huweka pesa kwanza. Ukishawasilisha kazi ana siku 14 za kuikagua, na asipojibu malipo yanapitishwa yenyewe, kisha kuna siku 5 za usalama kabla ya wewe kutoa pesa. Yaani ukimya wa mteja unaweza kukuchelewesha siku 19, si zaidi. Pesa iko tayari, haiko kwa ahadi. Kulipia ada ya mwezi mzima ili ukwepe siku 19 ambazo mwisho wake unaujua, kwetu hiyo ni ghali.

Karatasi moja, mistari miwili

Ofa ikija tena, chukua karatasi. Mstari wa kwanza, andika gharama yote kwa shilingi: ada, karatasi, na ada ya pili endapo mteja atachelewa mwezi mmoja. Mstari wa pili, andika kitakachopotea ukingoja, nacho pia kwa shilingi: kazi itakayokuponyoka, mavuno yatakayopungua, faini ya kuchelewa kulipa. Usiandike "nitakuwa na presha." Presha ni kweli, lakini haina bei, na ndiyo inayofanya watu waweke sahihi haraka.

Mstari wa pili ukiwa mkubwa, chukua pesa, na uchukue kiasi cha pengo tu. Mstari wa pili ukiwa mdogo ama mtupu, ngoja mteja. Zile 3,900 zibaki kwako.