Kasoro tisa hazishindi moja

Wadau, huu mtindo wa kupima wajaribu programu kwa idadi ya kasoro walizoripoti mimi siukubali hata kidogo. Nimeukuta kwenye ofisi moja nilikofanyia fildi: jedwali limebandikwa ukutani, jina na namba.

Hebu tazameni wenyewe. Mjaribu wa kwanza aliona sehemu ya kujaza tarehe inakubali 31 Februari. Sehemu hiyo hiyo inatumika kwenye kurasa tisa, basi jamaa akaandika ripoti tisa. Mtengeneza programu akarekebisha mstari mmoja tu, zote tisa zikafungwa. Mwenzake alikaa siku mbili akifukuzia tatizo moja: mtandao ukikatika baada ya kubonyeza "Lipa", mteja akibonyeza tena anakatwa hela mara mbili. Alikuwa anakata mtandao makusudi, baada ya sekunde moja, tatu, kumi, mpaka akajua linatokea lini hasa. Ripoti moja. Ukutani ikasomeka 9 kwa 1!

Sasa wiki inayofuata nani atahangaika siku mbili? Wote wakahamia kwenye makosa ya herufi, hayo yanaokotwa haraka.

Cem Kaner alishayapinga haya mwaka 1999. Mnataka kujua nani anafanya kazi? Someni ripoti zenyewe. Je, ukifuata hatua zilizoandikwa, tatizo linajirudia? Na lisingegunduliwa, mteja angeumia kiasi gani? Namba ya ukutani haijibu hata swali moja kati ya hayo. Ibandueni, jamani!