Ukishatoa msimbo, mzigo umechukuliwa

Ukipita Roysambu, Umoja au Kahawa Wendani siku hizi, hukosi kuona duka la M-Pesa ambalo nusu ya kaunta imejaa vifurushi vilivyofungwa kwa selotepu. Mwenye duka amekuwa ajenti wa mizigo. Ukinunua viatu mtandaoni, muuzaji anaviacha kwa ajenti wa mjini, vinasafirishwa na mizigo ya wengine, nawe unavichukua mtaani ukitoka kazini. Kwa kawaida bei huwa nafuu kuliko kutumiwa boda yako peke yako, na hakuna kuelekeza mtu "pinda kwa kinyozi, geti la kijani."

Sasa jiulize: huyo ajenti hakujui. Anajuaje kwamba mzigo ni wako?

Anategemea msimbo, yaani zile tarakimu chache unazopata kwa esemesi. Mzigo ukifika dukani, ajenti anauingiza kwenye simu yake na mfumo unakutumia msimbo. Ukimtajia, anauandika, na rekodi inabadilika papo hapo kuonyesha kwamba mzigo umechukuliwa. Mfumo haujui sura yako. Mwenye msimbo ndiye mwenye mzigo.

Tuseme umeagiza raba za Sh2,800 na umeshalipa. Jumatatu saa nane esemesi inaingia: mzigo umefika, una siku tatu. Saa tisa mtu anapiga, anakuita kwa jina lako na kudai anatoka kwa ajenti. Anasema mfumo umekwama, umsomee msimbo ili akuwekee mzigo vizuri. Jina na simu yako ameviona kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kifurushi, kwa hivyo kukujua kwa jina hakumaanishi lolote. Ukimsomea, anaweza kumtuma mtu dukani, na kwa upande wa ajenti kila kitu kitakuwa sawa. Ajenti wa kweli anahitaji msimbo wakati mmoja tu: ukiwa mbele yake, au uliyemtuma akiwa mbele yake.

Kwa hivyo ukifika dukani, usianze na msimbo. Mwambie ajenti akutolee kifurushi kwanza, kisha linganisha nambari ya oda iliyo juu yake na ile ya esemesi yako. Jina pekee halitoshi, maana kwenye rafu moja kunaweza kuwa na akina Faith watatu. Angalia pia kama selotepu imekatwa na kufungwa upya. Ukiridhika, taja msimbo.

Kama umebanwa na kazi na unamtuma rumeti, mtumie yeye binafsi, akiwa tayari njiani. Skrinshoti kwenye grupu la WhatsApp ni sawa na kuacha ufunguo mlangoni. Mpigie ajenti pia umwambie jina la anayekuja.

Kosa lingine huanza siku ya kuagiza. Ukikosea tarakimu moja ya simu, msimbo unamwendea mtu usiyemjua, nawe unangoja esemesi isiyokuja huku siku za mzigo kukaa dukani zinayoyoma. Siku hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu mzigo ulipofika kwa ajenti, si tangu ulipouona ujumbe. Zikiisha, kampuni nyingine hutoza ada ya kuhifadhi na nyingine humrudishia muuzaji, na pesa za usafiri huenda zisirudi. Ndiyo maana siku uliyoahidiwa ikipita kimya, muulize muuzaji mzigo uko wapi na umeandikwa simu gani. Ukijua utasafiri, omba muda uongezwe kabla haujaisha.

Na ukifika uambiwe, "Huu ulichukuliwa jana"? Usiondoke na hasira tu. Uliza mambo mawili: ulichukuliwa saa ngapi, na kwa msimbo au kwa jina? Kama ajenti alitoa kwa jina bila kuuliza msimbo, amevunja utaratibu wake mwenyewe na una hoja nzito. Kama msimbo wako ulitumika, kazi ni ngumu zaidi, kwani itabidi uonyeshe ulivyotoka kwako. Rekodi ya simu ya yule tapeli itakusaidia, kwa hivyo usiifute. Mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, maana ndiye uliyemlipa.

Akikataa kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na unaweza kujitetea bila wakili. Lakini kwa raba za Sh2,800, nauli na siku za kazi utakazopoteza zinaweza kuzidi bei ya viatu. Ni rahisi zaidi kukaa na msimbo wako kimya mpaka uone kifurushi kwa macho.